Samahani Tatu

Je, mtu anaweza kunyimwa haki na watu ambao hawakumnyima kitu? Darasani kwetu swali la namna hii huletewa mifano ya mbali: meli inazama, treni imekata breki, kuna mtu darajani. Mimi limenijia kupitia hedifoni.

Kazi yangu ndogo ya kujipatia nauli na bando, tangu nianze shahada ya uzamili, ni kuandika muhtasari wa vikao vya kundi moja la utafiti. Vikaoni siendi. Muda wake unagongana na kipindi changu, kwa hiyo jioni naletewa rekodi, nasikiliza, naandika. Kikao chenyewe ni cha mseto: watu saba wamekaa mezani Dar es Salaam, wanne wameingia kwa Zoom kutoka mikoani. Mmoja wa hao wanne ni dada aliyekuwa Kigoma, akikusanya data kwa wavuvi wa dagaa wa Ziwa Tanganyika.

Katika rekodi moja, ajenda ya nne ilikuwa ratiba ya mahojiano na wavuvi. Ilichukua dakika kumi na moja. Walio mezani walichagua wiki fulani kwa sababu gari lingepatikana. Katika dakika ya tatu nikasikia sauti ya dada wa Kigoma, safi kabisa: "Samahani." Mtu wa mezani akaendelea kuzungumza. Dakika ya sita: "Samahani, kuhusu hiyo wiki…" Wakacheka wawili kwa jambo lao, mazungumzo yakasonga. Dakika ya tisa: "Samahani Prof." Hakuna kitu. Kisha mwenyekiti akauliza, "Walio mtandaoni, mko sawa?" Zikapita kama sekunde mbili. "Haya, ajenda ya tano."

Alichotaka kusema kilikuwa kwenye soga ya kikao, ambayo huhifadhiwa pamoja na rekodi. Wavuvi wa dagaa huvua usiku kwa taa, kwa kuwa mwanga huwavuta samaki juu. Mwezi ukiwa mpevu taa hazivuti sana, na wengi wao hupumzika siku kadhaa, wanatengeneza nyavu, wanakaa na familia. Wiki iliyochaguliwa ilikuwa ya giza. Wavuvi wangekuwa ziwani usiku kucha na asubuhi wamelala. Timu ingesafiri zaidi ya kilomita elfu moja kwenda kugonga milango ya watu waliolala.

Katika muhtasari niliandika nilichosikia, samahani zote tatu, kila moja na dakika yake. Kesho yake mwenyekiti akanipigia simu. Ni mzee mpole, si mtu wa kumkandamiza mwanafunzi. Aliniuliza, kwa mshangao wa kweli, "Mwanangu, hizo samahani umezitoa wapi? Sisi hatukuzisikia."

Sikuwa na sababu ya kumtilia shaka, na hapo ndipo jambo lenyewe lilipoanza kunisumbua. Angekuwa amesikia akapuuza, tungekuwa na kosa la kawaida lenye mwenyewe. Lakini watu saba waliokaa mezani hawakusikia, na mimi niliyekuwa sipo nikasikia.

Sababu ya kwanza ni chombo. Katikati ya ile meza kuna kifaa kimoja cha mviringo, maikrofoni na spika kwa pamoja. Kifaa cha namna hiyo kina tatizo la kuzaliwa nalo: sauti inayotoka kwenye spika inaingia tena kwenye maikrofoni, na bila kuzuiwa, aliye mbali angesikia mwangwi wa maneno yake mwenyewe. Kwa hiyo ndani yake kuna mfumo wa kuua mwangwi. Vifaa vizuri hufanya kazi hiyo huku vikiacha pande zote mbili zizungumze kwa wakati mmoja. Vya bei rahisi huchagua upande. Chumba kikiwa kinazungumza, vinapunguza sauti inayoingia kutoka mtandaoni, wakati mwingine vinaizima kabisa kwa muda. Mtu anayejaribu kuingilia maneno ya chumbani anazimwa na kifaa chenyewe, sekunde ile ile anayojaribu. Rekodi haipitii kwenye spika ile. Inachukua sauti ya kila mtu kutoka kwenye mtandao, na ndiyo maana mimi nilizipata samahani zote tatu.

Tulikijaribu. Jaribio lenyewe halihitaji fundi: mtu aliye mtandaoni anahesabu moja hadi ishirini kwa sauti ya kawaida, taratibu, na mtu wa mezani anasoma gazeti kwa nguvu kuanzia tano hadi kumi na tano. Dada wa Kigoma alihesabu. Mezani walisikia moja, mbili, tatu, nne, kisha vipande vya tarakimu, kisha kumi na sita. Mwenyekiti alivua miwani akaifuta, ingawa nadhani haikuwa na vumbi.

Mtu angesema basi, nunueni kifaa kingine. Kingesaidia, na kikipatikana kinunuliwe. Lakini kuna sababu ya pili, na hiyo hainunuliki.

Watu wakizungumza ana kwa ana, nafasi kati ya mmoja kumaliza na mwingine kuanza ni ndogo ajabu. Mwaka 2009 Tanya Stivers na wenzake walichapisha ulinganisho wa lugha kumi, zikiwemo Kijapani, Kidenmaki na lugha moja ya Namibia. Kiswahili hakikuwemo. Walipima watu wanavyojibu maswali ya ndiyo au hapana, na wastani wa pengo ulikuwa karibu sekunde 0.2. Lugha hazikulingana, lakini zote zilizunguka karibu na hapo. Ni haraka kiasi kwamba anayejibu lazima awe ameanza kutunga jibu kabla mwenzake hajamaliza. Zamu ya kusema mezani huchukuliwa ndani ya upenyo huo.

Sasa mweke mtu Kigoma. Shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, linapendekeza sauti isichelewe zaidi ya sekunde 0.15 kwa safari ya upande mmoja kama mazungumzo yanatakiwa kuwa ya kawaida. Kwa mtandao wa simu wenye mawimbi ya wastani, tuseme ni 0.2. Mtu wa mezani anamaliza sentensi. Dada anaisikia imemalizika baada ya 0.2. Anajibu kwa wepesi wa binadamu yeyote, 0.2 nyingine. Sauti yake inasafiri kurudi, 0.2 tena. Imefika baada ya sekunde 0.6, na pengo lilifungwa pale kwenye 0.2 na mtu aliyekaa mita moja kutoka kwa msemaji. Awe mwerevu, awe jasiri, awe na hoja nzito kuliko wote, atafika mlango umeshafungwa. Kwake yeye inaonekana amesubiri kwa adabu mpaka mwenzake amalize. Kwa walio mezani, kama wakimsikia, inaonekana amemkatiza mtu wa pili.

Kwetu hilo la kukatiza si dogo. Chumbani, kijana mwenye hoja mbele ya wakubwa ana njia nyingi za kuomba nafasi bila kufungua mdomo. Anainama mbele kidogo, ananyanyua kalamu, anamtazama mwenyekiti mpaka macho yakutane. Mwenyekiti anasema, "Karibu, naona una jambo." Heshima imebaki mahali pake na hoja imetoka. Mtandaoni njia hizo zote hazipo. Kimebaki chombo kimoja, kuingilia kwa sauti, na hicho ndicho kijana aliyelelewa vizuri hapaswi kukitumia kwa Prof. Sikilizeni yule dada alivyopanda ngazi: kwanza samahani tupu, kisha samahani yenye mada, kisha samahani yenye cheo. Baada ya hapo akanyamaza. Malezi yake hayakumpa hatua ya nne.

Miranda Fricker, katika kitabu chake cha 2007, alieleza aina ya udhalimu unaompata mtu kama mjuzi: anasema jambo la kweli na msikilizaji analipunguzia uzito kwa sababu ya chuki au dhana aliyonayo juu ya watu wa aina yake. Nilijaribu kuiweka kesi ya Kigoma ndani ya maelezo hayo, ikakataa kuingia. Hakuna aliyempunguzia dada uzito. Wangemsikia wangemshukuru, maana yeye ndiye aliyekuwa ziwani. Chuki haipo, dhana haipo, ila matokeo ni yale yale: anayejua zaidi kuliko wote amekuwa kama hakusema, na muhtasari wa kawaida ungeandika kwamba wajumbe wote waliafiki.

Mwenzangu mmoja darasani anasema basi hiyo si dhuluma, ni bahati mbaya, kama mvua kunyesha siku ya harusi. Nakataa, kwa sababu moja. Mvua haina mtu anayeweza kuipanga upya. Utaratibu wa "mwenye nafasi adake" hatukuandikiwa na mbingu, tuliurithi kutoka kwenye kikao cha watu waliokaa pamoja, na pale ulifanya kazi vizuri kiasi. Tulipofungua kompyuta na kuwaita watu wa mikoani tukauacha vile vile. Kabla ya kujua, kosa si la mtu. Baada ya lile jaribio la kuhesabu, kila kikao kinachoendeshwa kwa utaratibu huo kina mwenyewe.

Kuna ushauri unaotolewa sana kwenye jambo hili: wajalini walio mtandaoni, wakumbukeni. Siupendi. Mwenyekiti wetu aliwakumbuka, aliuliza "mko sawa?" Swali lile lina kasoro zake. Limeulizwa watu wanne kwa pamoja, kwa hiyo kila mmoja anasubiri mwingine aanze. Limeulizwa kwa namna ambayo jibu rahisi ni ndiyo. Na limepewa sekunde mbili, wakati mtu aliyezima maikrofoni anahitaji kusikia, kutafuta kitufe, kubonyeza, na kuanza. Nia njema ilikuwepo, ikaisha kabla kitufe hakijaonekana.

Kilichobadilisha mambo ni kuiondoa ile mbio ya sekunde 0.2. Zamu haidakwi tena, inatolewa. Anayetaka kusema, hata kama amekaa kiti cha jirani na mwenyekiti, anaingia Zoom kwa simu yake, sauti na maikrofoni vikiwa vimezimwa ili visipige kelele na kifaa cha mezani, na ananyoosha mkono kwa kitufe. Zoom huwapanga walionyoosha mikono kwa kufuatana na nani alitangulia. Kukawa na foleni moja, na kuchelewa kwa nusu sekunde hakukumwondoa mtu, kulimsogeza nafasi moja tu nyuma.

Pia mtu mmoja wa mezani, kwa zamu, anapewa kazi ya kuwa mdomo wa walio mbali. Anasoma soga, anaangalia mikono, na ana ruhusa ya kumkatiza yeyote, Prof akiwemo. Ruhusa hiyo ilitangazwa na Prof mwenyewe mbele ya wote, vinginevyo isingefanya kazi. Mwanzoni nilifikiri mwenyekiti angeweza kuifanya. Hawezi. Anayeongoza kikao anawatazama watu usoni, anapima muda, anatafuta njia ya kutoka kwenye ubishi. Soga inampita kama ilivyompita siku ile, kioo kikiwa kimejaa jedwali la bajeti.

Na swali la jumla likafa. Sasa mwenyekiti anamtaja mtu na kumuuliza anachokijua: "Dada, wewe uliye Kigoma, wiki hiyo wavuvi watakuwepo?" Kisha ananyamaza. Kunyamaza kwenyewe ndiko kugumu. Sekunde kumi za kimya chumbani ni ndefu kama foleni ya Mbagala saa kumi na mbili jioni; watu wanakohoa, mtu anajaza chai. Nimesikia kwenye rekodi mwenyekiti akihesabu kwa kunong'ona ili asijisaliti.

Gharama zipo. Vikao vimerefuka. Yale majibizano ya haraka, mmoja anaanza wazo na mwingine analimalizia, yamepungua, na baadhi ya mawazo mazuri ya kundi hili yalizaliwa hivyo. Mtafiti mmoja wa mezani alilalamika, na naona ana hoja ya kweli: kwa nini watu saba waliopanda daladala wakafika wapoteze faida ya kufika, kwa ajili ya wanne?

Kuna wanaojibu kwa ukali zaidi. Kampuni ya GitLab, ambayo wafanyakazi wake wanafanya kazi wakiwa mbali, inashauri waziwazi dhidi ya vikao vya mseto: mmoja akiwa mbali, kila mtu aingie kwa kompyuta yake mwenyewe, hata walio jengo moja. Hiyo ni kusawazisha kwa kushusha. Derek Parfit, katika mhadhara wake wa 1991 kuhusu usawa, alilitazama pingamizi hili moja kwa moja: kama kumpunguzia mwenye nacho hakumwongezei asiye nacho, tumepata nini? Ukiwatoboa macho wenye kuona, vipofu hawajaona.

Kwa muda nilidhani pingamizi hilo limemaliza mjadala. Kisha nikaona kwamba halifiki hapa. Macho yangu hayapunguzi uoni wako. Lakini zamu ya kusema ni moja. Nikiwa nayo mimi wewe huna, na wepesi wa mezani wa kuidaka ndio hasa unaomfungia mlango aliye mbali. Hapo kumpunguzia mmoja ni kumwongezea mwingine. Kwa hiyo mimi nagawa kikao. Mahali pa kuzaa mawazo, saba waachwe wazungumze kwa kasi yao, na walio mbali waambiwe mapema kwamba sehemu hiyo si ya maamuzi. Mahali pa kuamua, foleni moja kwa wote. Katika kundi letu ni ajenda mbili au tatu tu kwa kila kikao, na hapo sioni kwa nini kufika mapema kwa daladala kumpe mtu kura yenye uzito zaidi juu ya wavuvi wa Kigoma.

Wenye kupenda mila wataniambia tulikuwa na njia yetu. Nyerere, katika maandishi yake ya mwanzoni mwa miaka ya 1960, aliielezea demokrasia ya Kiafrika kama wazee wanaokaa chini ya mti na kuzungumza mpaka wakubaliane. Napenda picha hiyo, ingawa bibi yangu angeuliza wanawake walikuwa wamekaa wapi. Ila chini ya mti aliyenyamaza alionekana amenyamaza. Uso wake ulikuwepo, na mzee mwenye busara aliusoma. Ndiyo maana tuliweza kusema kunyamaza ni kukubali. Mtandaoni kimya kinaweza kuwa ridhaa, mtandao uliokatika, mtoto anayelia, bando lililoisha, au kifaa cha mezani kilichoimeza sauti, na vyote kutoka chumbani vinafanana kabisa. Hata kamera iliyozimwa haisemi kitu: saa moja ya kikao kwa video inaweza kula gigabaiti nzima, sauti peke yake hula kidogo sana, na aliyezima huenda ndiye aliyedhamiria kubaki mpaka mwisho.

Ndipo nikabadilisha neno moja kwenye muhtasari, kwa idhini ya mwenyekiti. Siandiki tena "wajumbe wote waliafiki." Naandika waliosema ndiyo kwa majina yao, na waliobaki naandika "hawakusikika." Uamuzi unabaki rasimu mpaka saa sita mchana ya siku inayofuata, na rasimu inakwenda kwa wote usiku ule ule. Ile ratiba ya wavuvi ilirekebishwa kwa njia hiyo. Gari likakosekana wiki mpya, wakapanda basi.

Kilichonishinda ni chai. Kikao kikifungwa, Zoom inazimwa, na saba wanahamia kwenye chupa za chai na vitumbua. Hapo ndipo mtu husema, "Lakini ile ajenda ya tatu, mnaonaje tuifanye hivi…" Ninajua kwa sababu wiki mbili baadaye kwenye rekodi nasikia, "kama tulivyosema," na nikirudi nyuma sikuti mahali waliposema. Nilimwuliza mwenyekiti kama kompyuta inaweza kuachwa wazi wakati wa chai. Akacheka, akasema, "Mwanangu, hata ikiachwa wazi, nani atakaa Kigoma kututazama tukila?" Nilipomwuliza dada, alisema yeye angekaa.